Harusi ya Kihindu kwa mpangilio wake: moto, mizunguko minne na hatua saba

Mtu aliyealikwa harusi ya Kihindu kwa mara ya kwanza husubiri ile dakika ambayo wawili wanakuwa mume na mke, kama anavyosubiri "ndiyo, nakubali" kanisani au ijabu na kabuli mbele ya shehe. Dakika hiyo ipo, lakini wageni wengi huikosa. Inakuja bila shangwe, pengine saa tatu baada ya bwana harusi kuwasili, wakati nusu ya watu wameanza kuusogelea ukumbi wa chakula. Si kuvishana mashada ya maua, si kushikanishwa mikono, na hata kuuzunguka moto siyo. Ni hatua ya saba kati ya hatua saba ambazo wawili hao wanapiga pamoja kando ya moto.

Ukilijua hilo, harusi nzima inaeleweka. Kila jambo linalotangulia linawaandaa watu wawili kufika kwenye moto, na yanayofuata yanawatoa pale kwenda kuishi. Kwa hiyo ukipewa kazi ya kupanga ratiba, kupamba, kupika, kupiga picha au kusimama kama ndugu wa mmoja wao, anza na moto kisha urudi nyuma.

Nitafuata harusi ya Wagujarati, kwa kuwa Wahindu wengi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Kampala asili yao ni Gujarat, jimbo la magharibi mwa India. Wapunjabi, Watamili na wengineo wana mipangilio yao, nami nitaitaja pale ambapo tofauti inabeba maana.

Saa ya kushikana mikono

Kazi ya kwanza ni kupata muhurta, yaani wakati mwema. Siyo siku tu, ni dakika. Maharaji, ndivyo Wagujarati wanavyomwita kuhani wao, anaangalia kalenda ya nyota na mwezi iitwayo panchangi, pamoja na nyota za kuzaliwa za wawili hao, kisha anataja muda mfupi ambao mikono yao inapaswa kuunganishwa.

Kuna majira yasiyotolewa muhurta. Miezi minne inayoitwa chaturmasi, takriban Julai hadi Novemba, Mungu Vishnu anasemwa kuwa amelala, na familia nyingi haziozeshi. Kisha kuna kamurta, kuanzia katikati ya Disemba hadi 14 Januari. Ndiyo maana harusi za Wagujarati hujaa kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Disemba, halafu tena kuanzia nusu ya pili ya Januari. Kama unataka ukumbi katika wiki hizo, unagombea na kila familia iliyopewa tarehe zilezile.

Hapa kuna kosa linalorudiwa mara nyingi. Bibi aliyeko Rajkot, huko Gujarat, anapiga simu na saa aliyopewa na kuhani wa kwao, na familia ya huku inaipunguza saa mbili na nusu, kwa sababu India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa kiasi hicho, kisha inachapa kadi. Haitoshi. Muhurta unategemea kundi la nyota linalochomoza upande wa mashariki kwa wakati huo, na uchomozaji huo unabadilika kulingana na mji ulipo. Saa iliyokokotolewa kwa ajili ya Gujarat ni ya Gujarat. Mwambie maharaji akokotoe kwa Dar au Mombasa, na mwombe aandike kwa namna mbili, saa ya Kiswahili na ya kimataifa, ili saa 5:15 asubuhi isije ikasomwa na mtu wa muziki kama alfajiri.

Manjano, hina na kitambaa cha mjomba

Siku mbili tatu kabla ya harusi, familia zote mbili, kila moja nyumbani kwake, zinamwomba Mungu Ganesha aondoe vikwazo na zinafanya ibada ya kutuliza sayari. Kisha inakuja pithi: manjano yaliyochanganywa na unga wa dengu, maji ya waridi na liwa, anayopakwa bwana harusi kwao na bi harusi kwao. Msomaji wa pwani ataona mara moja undugu wake na singo. Wanaoanza kupaka ni wanawake walioolewa, na vaa nguo ambayo huisikitikii, maana manjano hayatoki. Hina hupakwa siku nyingine, kwa kuwa rangi yake inahitaji usiku mzima kukolea, na jioni ya mwisho watu hucheza garba, ngoma ya duara ya Kigujarati.

Katika siku hizi mtu wa kumtazama ni mjomba wa bi harusi, kaka yake mama. Analeta zawadi, na ndani yake mna panetari, sari nyeupe yenye pindo jekundu. Bi harusi huingia akiwa ameivaa hiyo ya kwao. Baadaye atafunikwa na gharcholu, kitambaa chekundu chenye miraba ya nyuzi za dhahabu, kinacholetwa na upande wa mume. Ukiona nyekundu juu ya nyeupe mabegani mwake, umeona familia mbili zikikutana juu ya mtu mmoja. Mpambaji anayependekeza sari moja ya kisasa kwa muda wote anaondoa kitu ambacho ndugu wangekisoma kwa macho.

Bwana harusi mlangoni

Siku yenyewe, upande wa bwana harusi unafika kwa maandamano na ngoma. Wacheze, lakini mtu mmoja mwenye mamlaka, afadhali baba mdogo wa bwana harusi, awe ameshika saa. Hapa getini ndipo muhurta nyingi zinapopotelea.

Mlangoni mama wa bi harusi anampokea mkwe wake kwa taa na tika ya rangi nyekundu kwenye paji la uso. Anampitishia mbele ya uso vifaa vidogo vya mbao: mchi, nira ya ng'ombe, kipekecho cha maziwa na kijiti cha kusokotea uzi. Ni vyombo vya kazi za nyumba na shamba, na kijana anaonyeshwa maisha anayoyaingia. Kisha mama anajaribu kumkamata pua, kwa kicheko, asije akaingia na kiburi. Mwisho bwana harusi anavunja kwa mguu wa kulia vibakuli viwili vya udongo vilivyofungwa pamoja, na anaingia. Vibakuli viwekwe juu ya sahani au kitambaa kinene, na mtu afagie vigae haraka, kwa sababu muda mfupi baadaye watu watapita hapo bila viatu.

Viatu vyake anavivua kabla ya kupanda mandapu, kibanda chenye nguzo nne ambamo ndoa inafungwa, na wadogo zake bi harusi wanaviiba wapewe fedha baadaye. Ndani, wazazi wa bi harusi wanamwosha miguu na kumpa kinywaji cha maziwa, mtindi na asali. Kwa dakika hizo bwana harusi anapokewa kama mgeni mtukufu.

Pazia, maji na mikono

Kitambaa kinashikwa katikati kama pazia. Bi harusi analetwa na mjomba wake hadi upande wa pili. Hawaonani. Maharaji anasoma beti za baraka, na zikiisha pazia linashushwa na wanavishana mashada.

Kisha wazazi wa bi harusi wanamkabidhi binti yao. Mkono wake unawekwa katika mkono wa kijana, na maji yanamiminwa juu yake, kwa kuwa kutoa kunakothibitishwa kwa maji hakurudishwi. Watu wanasema sana juu ya kukabidhiwa huku, na wapo wasichana wasiopenda kutolewa kama zawadi. Baadhi ya familia siku hizi huwaomba wazazi wa pande zote mbili waweke mikono yao pamoja. Mimi ningependa jibu la bwana harusi lisikike zaidi. Anaahidi mara tatu, mbele ya watu, kwamba katika haki, katika mali na katika mapenzi hatamwacha nyuma wala kumpita. Mwombe maharaji alitafsiri jibu hilo kwa sauti.

Mikono ya kulia inaunganishwa. Hii ndiyo dakika ya muhurta. Katika Rigveda, mojawapo ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, kitabu cha kumi, wimbo wa 85, mume anasema anaushika mkono wa mke kwa ajili ya heri, ili wazeeke pamoja, na maneno hayo yanasomwa hadi leo. Pete ya uzi wa pamba inazungushwa shingoni mwao wote wawili, na dada wa bwana harusi, wifi, anafunga ncha ya skafu ya kaka yake kwenye ncha ya sari ya bi harusi. Fundo hili halifunguliwi mpaka mwisho. Liwe fundo la kweli, lenye popoo, sarafu na mchele ndani, na skafu iwe ndefu kiasi cha kuwaacha watembee kwa nafasi ya mkono mmoja kati yao. Skafu fupi inawavuta, mmoja anajikwaa, na mwenzake yuko karibu na moto.

Moto

Sasa maharaji anawasha moto. Mpaka hapa familia zimepeana ahadi. Kuanzia hapa kuna shahidi mwingine.

Moto huo ni Agni, naye ni mungu. Katika Veda ana kazi mbili zinazomhusu kila anayeoa. Kwanza, yeye ni kinywa cha miungu: kinachotiwa motoni kinapanda juu na kuwafikia, kwa hiyo samli na nafaka zinazomiminwa ni chakula kinachopelekwa na mjumbe. Pili, yeye ni shahidi. Anakaa katika kila nyumba inakopikwa, anaona usiku, hapokei rushwa. Wimbo uleule wa 85 unamweleza bi harusi kuwa alikuwa chini ya ulinzi wa miungu kabla ya kupewa mume wa kibinadamu, na Agni ndiye wa mwisho kumkabidhi. Ndiyo sababu wazazi wakishatoa mkono wa binti yao, kazi bado haijaisha. Zamani moto wa harusi ulichukuliwa hadi nyumba mpya na kutunzwa huko, ukawa ndio moto wa ibada za nyumbani.

Kila kijiko cha samli kinapomiminwa maharaji anasema "svaha", neno la kutolea sadaka, na wawili hao wanarudia. Kwa kila sadaka huongezwa maneno yanayosema: hii ni ya Agni, si yangu. Kwa ninavyoielewa, sentensi hiyo fupi ndiyo maana ya sehemu hii. Kabla ya kuahidiana chochote, wanajizoesha kuachia.

Kuna mambo ya mikono ambayo yakikosewa yanaharibu kila kitu. Moto unawashwa ndani ya chombo cha shaba au chuma cha umbo la mraba, chenye upana wa sentimita 30 hadi 45. Kama sakafu ni ya ukumbi, kiweke juu ya matofali, na chini ya matofali tandaza mchanga, la sivyo utalipa vigae. Kuni ziwe za mwembe, ambazo hutumika sana India na ambazo huku hazitafutwi mbali, zikiwa zimepasuliwa unene wa kidole gumba na urefu wa shubiri moja. Kilo tatu au nne zinatosha. Zikaushwe juani wiki kadhaa. Mbao za rangi, vipande vya plaiwudi na mafuta ya taa havikaribii chombo hiki. Kiwashio ni kafuri na utambi wa pamba uliolowekwa samli.

Moshi mweupe mzito unakuambia mojawapo ya mambo mawili: kuni ni mbichi, au samli imemiminwa kabla ndimi za moto hazijasimama. Dawa ni ileile: acha kumimina, ongeza kipande cha kafuri na vijiti vyembamba, subiri ndimi zirudi. Samli iwe imeyeyushwa na itiwe kwa kijiko kidogo cha mpini mrefu, kidogo kidogo. Ikimwagwa nyingi kwa pupa moto unaruka juu, na juu kuna maua na vitambaa vya mandapu. Weka ndoo ya mchanga na blanketi la kuzimia moto nyuma ya nguzo. Maji hayafai kwenye moto wenye samli. Ncha za sari na skafu zibanwe kwa pini, hasa sari za nailoni, ambazo huyeyukia mwilini.

Zungumza na ukumbi mapema, kwa maandishi, kuhusu vifaa vya kugundua moshi na vya kumwaga maji, kwa kuwa hujiwasha vyenyewe. Na ukumbi ukisema moto hauruhusiwi kabisa, wapo wanaokubali taa ndogo mezani. Ushauri wangu ni kubadilisha ukumbi, au kufunga ndoa hekaluni asubuhi na kwenda ukumbini kula. Katika mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, mahekalu ya Kihindu yako karibu karibu, na hilo linapangika bila shida kubwa.

Mizunguko minne

Wengi, hata wanaoishi jirani na Wahindu, wanachanganya kuuzunguka moto na hatua saba, na chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka. Kaskazini mwa India, kwa Wapunjabi na majirani zao, mizunguko yenyewe mara nyingi ni saba, hivyo idadi zinalingana. Kwa Wagujarati mizunguko ni minne na hatua ni saba, nayo ni mambo mawili tofauti yanayofuatana.

Kabla ya kila mzunguko, kaka wa bi harusi anasimama nyuma yake na kumtilia nafaka mikononi: bisi za mchele, au kwa Wagujarati wengi shayiri na ufuta. Asipokuwa na kaka, binamu anasimama. Mikono ya mume iko chini ya mikono ya mke, na nafaka inaachiwa motoni. Maombi yake ni ya bi harusi mwenyewe: mume wangu aishi maisha marefu, na ndugu zangu wastawi. Tazama kwamba kaka aliyempa nafaka ni mmoja wa ndugu hao. Haendi kwa mume kwa kuwaacha ndugu. Anawaombea akiwa ameshikwa mikono na pande zote mbili.

Katika maandiko ya kale ya ibada za nyumbani yanayofuatwa na makuhani wengi wa Gujarat, nafaka inatolewa mara tatu, na mara ya nne yote iliyobaki inamwagwa kutoka kwenye pembe ya ungo. Hiyo ndiyo hesabu ya nne. Leo kila mzunguko unapewa pia lengo moja la maisha: haki, mali, mapenzi, na wa nne ukombozi wa roho. Nani atangulie kunatofautiana kwa familia. Kwa wengine mume anaongoza mitatu na mke anaongoza wa mwisho, kwa wengine kinyume chake, na mabishano juu ya hilo mbele ya moto yanatia uchungu bila sababu. Uliza wiki moja kabla na uandike.

Kisichobadilika ni upande. Moto unakuwa mkono wa kuume wakati wote, na wawili wanakwenda kama mishale ya saa. Mpiga picha asiwaombe warudie wala wasimame katikati, na mtu yeyote asikatize kati yao na moto. Acha njia ya upana wa mita moja kuuzunguka, bila nyaya za taa chini.

Kati ya mizunguko bi harusi anaweka mguu wa kulia juu ya jiwe, na anaambiwa awe imara kama jiwe hilo. Jiwe bapa la kusagia linafaa sana. Lisiwe limepakwa mafuta.

Hatua saba

Mizunguko ikiisha, watu hupiga makofi na kudhani imekwisha. Huu ndio wakati wa kuwataka watulie. Msherehesha aombe ukimya, na mlango wa chakula ubaki umefungwa.

Kando ya moto, kuelekea kaskazini, yamepangwa marundo saba madogo ya mchele, kila moja na popoo juu yake. Kwa kila hatua wawili wanasogea pamoja, mguu wa kulia mbele, na mguu wa kushoto unafuata bila kuupita wa kulia. Hiyo inamlazimu kila mmoja aende polepole na kumngoja mwenzake. Kidole gumba cha mguu wa kulia kinaisogeza popoo, maharaji anataja jambo moja, na kwa kila hatua Vishnu anaombwa awaongoze.

Hatua ya kwanza ni chakula. Ya pili ni nguvu. Ya tatu ni mali inayostawi. Ya nne ni furaha. Ya tano, katika maandiko mengine ni mifugo na katika mengine ni watoto. Ya sita ni majira ya mwaka, kwamba wakati wote uwapitie salama. Mpangilio huu una mantiki ya nyumba halisi. Huwezi kusema habari za furaha kwa mtu mwenye njaa, na chakula bila nguvu ya kukitafuta kesho hakidumu. Kwanza tumbo, kisha mwili, kisha ghala, ndipo moyo, ndipo watoto na miaka.

Ya saba haiombi kitu. Mume anamwita mke rafiki: kwa hatua saba uwe rafiki yangu. Katika fikra za kale za Kihindi, watu wawili waliotembea hatua saba pamoja wamekwishakuwa marafiki, na ndoa inakamilishwa kwa kanuni hiyo. Hakuna neno la utawala katika hatua hiyo. Kwa wale wanaohuzunishwa na kule kukabidhiwa binti, ningewaelekeza hapa: katika mpangilio wa ibada, kukabidhiwa kulikuwa mwanzo tu, na urafiki ndio unaofunga.

Sheria inasema hivyo pia. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955, kifungu cha 7, inaeleza kuwa pale ambapo ibada za ndoa zina hatua saba, ndoa inakamilika na kuwafunga wawili hao hatua ya saba inapopigwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ilisisitiza kuwa cheti kilichopatikana bila ibada kufanyika hakiwapi watu hao hadhi ya mume na mke.

Utajuaje kwamba hatua zimepigwa kweli? Hesabu popoo saba zilizosogezwa, sikiliza hatua ya saba ikitamkwa, kisha tazama wanavyokaa. Mpaka hapo bi harusi amekuwa akikaa kuliani kwa mume. Baada ya hatua ya saba anahamia kushoto kwake, na hapo ndipo panapokuwa mahali pake. Ukiona maharaji mwenye haraka, anayekimbilia harusi ya pili siku hiyohiyo, anazisoma hatua zote saba wakiwa wamekaa, ndugu mkubwa ana haki ya kumwomba kwa adabu wasimame na kutembea.

Baada ya hatua ya saba

Maji yananyunyizwa vichwani mwao. Kama ni mchana wanatazama jua, kama ni usiku wanaonyeshwa nyota ya kaskazini isiyohama, ingawa kwa Dar es Salaam, iliyo kusini mwa ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho na inatazamwa kwa kuelekezwa tu. Mume anamgusa mke moyoni akiomba mioyo yao ikubaliane, anamvisha mangalasutra, mkufu wenye shanga nyeusi, na kumpaka rangi nyekundu kwenye utengano wa nywele. Wanalishana kansari, chakula kitamu cha ngano iliyosagwa chenga, sukari guru na samli. Wanawake walioolewa wanamnong'oneza bi harusi baraka katika sikio la kulia. Kisha wanainamia miguu ya wazee.

Kuaga kunakuja baada ya chakula. Bi harusi anarusha mchele nyuma yake kwa ajili ya nyumba aliyolelewa, na nazi inawekwa chini ya gurudumu la gari. Nyumbani kwa mume, anasukuma kwa mguu wa kulia chungu kidogo cha mchele kizingitini, na jioni wawili wanatafuta pete katika sinia la maziwa na maji ya rangi nyekundu.

Ratiba inayoanzia kwenye moto

Tuseme muhurta wa mikono ni saa 5:15 asubuhi. Moto utawashwa karibu saa 5:30, kwa hiyo kuni, samli na mchanga viwe mahali pake tangu saa 3:00. Sadaka za mwanzo, nafaka na mizunguko minne vitachukua kama dakika 45. Hatua saba zianze saa 6:20 na zipewe dakika 15 za ukimya. Mkufu, kansari na baraka za wazee vinafika saa 7:00, na ndipo milango ya chakula inafunguliwa. Chakula kiwe bila nyama, na kwa wageni wazee wa Kigujarati uliza pia habari za kitunguu na kitunguu saumu.

Sasa rudi nyuma kutoka saa 5:15. Kukabidhiwa kunahitaji dakika 15, kuingia kwa bi harusi na pazia dakika 15, kuoshwa miguu na ibada ya Ganesha nusu saa, mapokezi ya mlangoni robo saa. Unafika saa 4:00. Maandamano yafike getini saa 3:15, ili wakicheza dakika 45 bado mko ndani ya wakati. Ukiona saa 4:15 bado wako barabarani, fupisha mapokezi ya miguu na mazungumzo ya jukwaani. Hatua saba na sadaka za moto zisipunguzwe hata dakika moja.

Karatasi zishughulikiwe mapema. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na inatambua ndoa inayofungwa kwa taratibu za dini. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitaja ndoa za Kihindu kama aina mojawapo ya ndoa zinazosajiliwa. Hakikisha maharaji ana kibali cha kufungisha ndoa, kwani wapo wanaoletwa kutoka India wakijua vizuri Kisanskriti, lugha ya ibada, na wasio na mamlaka ya kutia sahihi hapa. Fomu zisainiwe baada ya hatua ya saba, pembeni ya mandapu, majina yakiwa yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti. Moto uachwe uzime wenyewe, usikanyagwe wala kumwagiwa maji, na majivu yakishapoa yapelekwe baharini au yamwagwe kwenye shina la mti.